Swali la Kwanza Halina Jina

Cheche hajui kukaa. Mpe kiti, goti lake litacheza mpaka chai iliyo mezani imwagike. Mpe foleni, atatoka nje mara tatu kwenda kuangalia kama mlango bado upo. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake alipokuwa mwanamke pekee aliyeshika kifaa cha kuchomelea katika mtaa mzima wa karakana, na likamganda kwa sababu mbili: cheche zilizoruka mkononi mwake, na zile zilizoruka mdomoni. Hizi za pili ndizo zilizounguza watu zaidi.

Wiki ile ya zabuni ndiyo alikuwa hashikiki kabisa. Kabrasha la hospitali lilikuwa limelala juu ya benchi, katikati ya grenda na kopo la rangi, na yeye alikuwa akilizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Hospitali ilitaka vitanda vya wodi, vya chuma, vyenye kichwa kinachonyanyuka na magurudumu manne yenye breki. Vitanda hivyo Cheche angeweza kuvitengeneza amefumba macho. Karakana yake ilikuwa imeishi mwaka mzima kwa mageti na meko, mafundi wamebaki wawili tu, na mwenye jengo alikuwa ameshaanza kuwaonyesha watu wengine eneo, akipima kwa miguu mbele yake bila haya. Akiipata kazi hii, anabaki. Akitupwa nje tena, anafunga. Mambo yalikuwa wazi hivyo.

Kilichomkosesha raha kilikuwa kifungu kimoja kwenye masharti, kilichojificha katikati ya mambo ya leseni na kodi: "Mzabuni aambatishe barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji wa bidhaa. Asiyeambatisha ataondolewa katika hatua ya awali ya tathmini."

Alikisoma amesimama. Akakisoma tena anatembea. Kwa muuzaji anayeleta vitanda kutoka kiwanda cha mbali, sharti hilo lina maana: hospitali inataka kujua kwamba kiwanda kinamtambua. Lakini Cheche haleti vitanda kutoka popote. Anakata bomba, anakunja, anachomelea, anapiga rangi, anakausha juani. Mtengenezaji ni yeye. Sasa barua aipate kwa nani?

Hapo kuna kitu kikamkuna kichwani, kitu cha miaka miwili nyuma, naye akakikimbia kwa kuchukua ufagio na kufagia karakana iliyokuwa imeshafagiwa asubuhi.

Kitu chenyewe kilikuwa mdogo wake. Wa mwisho kuzaliwa, Kitinda, aliyelelewa mgongoni mwa dada yake na kufundishwa kazi na dada yake, mpaka wakawa wanafanya kazi pamoja chini ya paa hili hili. Dada alikuwa mtu wa chuma, Kitinda mtu wa makaratasi. Miaka miwili iliyopita waliomba zabuni kama hii, hospitali hii hii. Siku ya kufungua bahasha bei yao ilisomwa mbele ya watu ikawa ya chini kuliko zote, wakarudi nyumbani wakicheka, wakala kuku. Halafu ikaja barua ya mistari michache: zabuni yenu imeondolewa, hamkuambatisha idhini ya mtengenezaji.

Cheche hakutaka kusikia zaidi. Makaratasi yalikuwa ya Kitinda, barua imekosekana kwa Kitinda, basi Kitinda ndiye aliyewaua. Alimpasua mbele ya mafundi. Alimwita mzembe, akamwita mzigo, akamkumbusha nani aliyemlisha. Kijana alijaribu kusema kitu, akapaziwa sauti. Akaning'iniza aproni yake msumarini, akatoka. Leo ana kijikarakana chake nyuma ya kituo cha mafuta, na wakikutana kwa mama yao mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumwona.

Mume wa Cheche ni kinyozi, mtu mpole, na kama vinyozi wote anajua habari za mji kuliko redio. Aliposikia habari ya kifungu hata hakuacha kula.

"Mbona jambo dogo hilo? Mmoja wa wajumbe wa kamati ya zabuni ni mteja wangu. Namnyoa kila Jumamosi. Nikishamwekea wembe shingoni nitamuuliza taratibu, 'Bwana, hii barua vipi?' Atakataa kusema?"

Cheche alicheka, lakini goti lilikuwa linacheza. Wazo lilimvutia, tusidanganyane. Kumuuliza mtu unayemjua ni rahisi kuliko kuandika, na mtaa mzima ulikuwa ukiamini kwamba zabuni huombwa ofisini na kupatikana barazani. Lakini hakuwa na subira ya kungoja Jumamosi. Kesho yake asubuhi, mikono bado ina masizi, akatia kabrasha kwapani na kwenda mwenyewe hospitali.

Ofisi ya manunuzi ilikuwa mwisho wa korido inayonuka dawa ya sakafu, chumba chenye makabati ya chuma yaliyopinda milango. Cheche aliyatazama makabati kabla ya kumtazama mtu. Afisa manunuzi alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi sawasawa, ndiye pia katibu wa kamati.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nina swali moja tu, nijibu niende zangu." Akafungua kabrasha, akaweka kidole chenye masizi kwenye kifungu, alama ikabaki. "Hapa. Mimi ndiye ninayetengeneza. Hii barua inanihusu au hainihusu?"

Kijana alisoma. Akasoma tena, uso ukamkunjamana kidogo, kama mtu aliyeonja chakula chake mwenyewe akakuta hakina chumvi. Akafunga kabrasha taratibu na kumrudishia.

"Mama, hilo siwezi kukujibu kwa mdomo."

"Kwani hujui?"

"Hata ningejua. Nikikujibu wewe hapa, nimekupa kitu ambacho wenzako hawana. Na nikikosea, siku ya tathmini utasema afisa aliniambia, na kamati haitakusikiliza, kwa sababu maneno ya koridoni hayamo kwenye nyaraka. Andika. Taja kifungu, taja swali. Kamati itajibu kwa maandishi, na jibu litakwenda kwa kila aliyechukua kabrasha. Swali litakuwemo, jina lako halitakuwemo."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu. Ila mwisho wa kupokea maswali ni Ijumaa saa kumi. Ukipita hapo, hata swali liwe zuri namna gani, sitalipokea." Akasita, kisha akashusha sauti. "Na mama, usije ukamtafuta mjumbe yeyote wa kamati pembeni. Ikijulikana tu, hiyo peke yake inatosha kukutoa."

Cheche alitoka pale kwa haraka, si kwa sababu ya swali, bali kwa sababu ya wembe. Alimpigia mume wake simu akiwa bado koridoni. "Yule mteja wako wa Jumamosi, mnyoe ndevu zake na umwache aende. Ukimuuliza neno, mimi na wewe tutaonana." Kinyozi, ambaye alishakaa kwenye ndoa miaka mingi, alisema sawa.

Lakini njia nzima neno moja lilimzunguka kichwani: kila mtu. Alikuwa ameona kwenye daftari la kusaini, siku aliyochukua kabrasha, sahihi ya mtu aliyemtangulia. Aliijua. Ni yeye aliyemshika mtu huyo mkono akimfundisha kuandika jina lake. Kitinda naye alikuwa kwenye zabuni hii.

Jioni alimweka binti yake mbele ya kompyuta ya kuazima, kwenye meza ya chakula, na baba mtu akivuta kiti aone. Binti ndiye mwandishi wa nyumba, anasoma chuo, na amezoea kwamba mama yake akitunga barua huwa anatembea.

"Andika," Cheche alisema akizunguka meza. "Kwa kamati. Mimi ni fundi wa miaka mingi, na jambo mnalolifanya si la kiungwana."

"Mama."

"Andika! Mlinitupa miaka miwili iliyopita bila haya..."

"Mama, hii ni barua ya kuomba ufafanuzi, si ya kumtukana jirani. Afisa kasema utaje kifungu na swali. Mambo mengine watayasoma wacheke."

Baba akaingilia, mdomo umejaa. "Mimi sioni haja ya kuuliza kabisa. Jiandikie barua mwenyewe. 'Mimi mtengenezaji, ninajiidhinisha mimi mzabuni.' Piga muhuri, tia kwenye bahasha, nyamaza. Ukiuliza, unamwamsha kila aliyelala. Kitinda je? Yule akiingia bila barua anatoka tena, na mshindani mwenye bei ya kukusumbua ni yeye tu."

Hakusema kwa ubaya. Alimpenda mke wake na alikuwa amechoka kumwona hana usingizi. Cheche alisimama dirishani. Ilikuwa kweli tupu. Kitinda alijua kazi, na kijikarakana chake hakikuwa na gharama nyingi. Kunyamaza kungemtoa bila mtu kunyanyua kidole. Roho yake ilipiga hesabu hiyo harakaharaka, na akaiona ikipiga, na hakuipenda.

"Na wakisema barua ya kujiandikia si barua?" aliuliza binti.

Hapo ndipo pabaya penyewe. Aliyenyamaza angeweka karakana yake yote juu ya kubahatisha.

"Haya," Cheche alisema, akaanza tena kuzunguka. "Weka namba ya kifungu. Sema tumekisoma. Halafu uliza: sisi ndio tunaotengeneza wenyewe. Tukamwombe nani barua?"

Akasimama kama mtu aliyekanyaga msumari.

Binti aliendelea kuandika maneno mawili matatu, kisha naye akainua kichwa. "Mama? Una nini?"

Cheche hakuwa amelitunga swali hilo. Alikuwa amelisikia. Alilisikia miaka miwili iliyopita, likitoka kwa kijana aliyesimama katikati ya karakana na karatasi mkononi, mafundi wakitazama chini: "Dada, sisi ndio tunaotengeneza wenyewe. Tukamwombe nani barua?" Ndilo lile neno alilojaribu kulisema akapaziwa sauti. Yeye akalisikia kama kisingizio cha mzembe, akampasua zaidi. Hakuna barua iliyosahauliwa. Hakukuwa na barua ya kusahau. Kitinda alikuwa ameuliza swali sahihi, akamuuliza mtu asiyesikiliza.

Alikaa. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikaa, na goti halikucheza. Mume wake alipoliona goti limetulia aliogopa kuliko siku zote.

"Liandike hivyohivyo," alisema hatimaye. "Usibadilishe neno. Tuma."

"Anko naye atalipata jibu."

"Nimesema tuma."

Barua pepe iliondoka siku moja kabla ya mwisho, na kwa sababu Cheche haamini kitu kisichoshikika, asubuhi alipeleka nakala kwa mkono, akadai igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yake.

Kisha ukaja muda wa kungoja, na sitaki kumwombea adui yangu angojee karibu na Cheche. Alifungua simu kila alipozima grenda. Alimtuma binti aangalie kama barua pepe zinaingia, kisha akamtuma aangalie kama mtandao upo, kisha akamuuliza kama kompyuta haijachoka. Alipaka geti la mteja rangi mara mbili, na mteja alilipia mara moja. Siku moja alifika mpaka kona ya hospitali, akageuka. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa tena kamati. Mara nne alipita njia ya kituo cha mafuta, ambayo si njia ya kwenda popote anapokwenda, na mara zote nne akaona mwanga wa buluu ukimulika ndani ya kile kijikarakana, na miguu ikakataa kukata kona. Angemwambia nini? Neno "nisamehe" lilikuwa zito kwake kuliko bomba la inchi nne. Na kuna aibu nyingine, mbichi zaidi: wangekuwa wanazungumza huku bahasha zao za bei hazijafungwa, na watu wangesema ndugu wamepanga bei. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo sababu. Ilikuwa nusu ya sababu.

Jibu lilikuja kwa barua pepe mchana, wakati umeme umekatika, ikabidi lisomwe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kichwa chake kilikuwa "Ufafanuzi na Nyongeza Namba Moja", na lilielekezwa kwa wazabuni wote. Kulikuwa na maswali mawili. La pili lilihusu ukubwa wa magurudumu. La kwanza lilikuwa pale, neno kwa neno, bila jina: "Sisi ndio tunaotengeneza wenyewe. Tukamwombe nani barua?" Chini yake kamati ilijibu kwamba sharti la idhini linawahusu wazabuni wasio watengenezaji. Mtengenezaji mwenyewe atajaza tamko kwamba bidhaa ni yake, na kamati inaweza kukagua karakana yake. Kifungu kimerekebishwa. Kwa kuwa masharti yamebadilika, mwisho wa kuwasilisha zabuni umesogezwa mbele kwa wiki moja, na kila mzabuni athibitishe kwa maandishi kwamba ameipokea nyongeza.

Binti alipiga kelele, mafundi wawili wakagonga vyuma, kinyozi akaja mbio na kitambaa cha mteja begani. Cheche alicheka nao. Kisha akaenda nyuma ya karakana, kwenye ule msumari, ambako aproni ya Kitinda ilikuwa bado inaning'inia, imejaa vumbi la miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuthubutu kuiondoa, naye hakuwahi kuagiza iondolewe.

Siku ya kufungua, wazabuni walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi mdogo wa hospitali, wakasaini mahudhurio, na sanduku likafunguliwa mbele yao saa ileile ya mwisho. Kitinda alikuwa benchi la nyuma. Amekonda kidogo, Cheche aliona, na ana kovu jipya la moto kwenye kiganja. Afisa alifungua bahasha moja moja akasoma jina la mzabuni, bei, na kama ameithibitisha nyongeza. Wengine walikuwa juu sana. Ya Kitinda ilisomwa, na Cheche akatambua ni bei ya mtu anayejua kazi. Kisha ikasomwa yake. Ilikuwa chini ya ile kwa kidogo sana. Chini kuliko zote.

Mshindi hatangazwi siku hiyo; tathmini bado, ukaguzi bado. Lakini kila aliyekuwa mle alijua kusoma hali. Wawili watatu walimgeukia kumpa mkono. Ndicho kitu alichokitaka kwa mwaka mzima, akakikuta hakina ladha.

Alimkuta Kitinda nje, kwenye ngazi, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Hongera, dada," alisema bila kuinua kichwa.

"Bado hawajatangaza."

"Utapata." Akatoa karatasi iliyokunjwa mfuko wa nyuma, ile ya ufafanuzi, akaikunjua juu ya goti. "Mimi nilichukua kabrasha nione tu kama wamerudia yaleyale. Nilipoona kifungu kipo, nikaliweka pembeni, nikasema sitaki kuchekwa tena. Halafu hii ikaja." Kidole chake kikatulia kwenye mstari. "Swali la kwanza halina jina. Lakini mimi nimelijua ni la nani."

"Ni lako," Cheche alisema.

"Ni langu."

"Nilikulazimisha ulimeze, halafu nikaja nikalitumia. Nisamehe, mdogo wangu. Si kwa hili la leo. Kwa ile siku." Neno lilitoka, na halikumuua.

Kitinda aliinyoosha karatasi kwa kiganja. Aliposema, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Cheche kuliko kitu chochote.

"Unajua nini kiliniuma? Si matusi. Matusi yako tumekua nayo. Hawa watu wasiokujua, wageni kabisa, umewaandikia barua, umengoja jibu lao kwa adabu. Mimi uliyenibeba mgongoni hukuniuliza hata swali moja. Ulihukumu, ukafunga."

Watu walikuwa wakishuka ngazi, wakiwapita, na mmoja akaomba njia. Cheche alisogea, akakaa kwenye ngazi pembeni ya mdogo wake, na magoti yake yote mawili yakaanza kucheza.

"Nikikuuliza leo," alisema, "nimechelewa?"

Kitinda aliitazama ile karatasi, akaikunja tena taratibu, akaifuata mikunjo yake ya zamani. Kisha akaweka kiganja chake chenye kovu juu ya goti la dada yake, kulituliza, kama mama yao alivyozoea kufanya.

"Uliza," alisema. "Si wameongeza muda."